Utangulizi Unaokaa Masikioni: Mdundo, Utatu na Urefu wa Sentensi katika Hotuba ya Kwanza ya Sisero dhidi ya Katilina (63 KK)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mdundo, utatu na mabadiliko ya urefu wa sentensi yalivyotumika katika utangulizi wa hotuba ambayo Marko Tulio Sisero aliitoa mbele ya Seneti ya Roma mnamo Novemba 63 KK. Swali linaloongoza uchunguzi huu linatokana na mgongano uliomo katika kazi za Sisero mwenyewe. Alipokuwa kijana aliandika kwamba utangulizi wa hotuba unapaswa kuwa na mapambo machache kuliko sehemu nyingine zote. Alipokuwa konsuli aliufungua mjadala mzito kuliko yote ya maisha yake kwa maneno yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa wa kisauti. Makala yanadai kwamba mgongano huo unatatuliwa na urefu wa sentensi: utatu na mdundo huyafanya maneno yakumbukwe, lakini ni kuvunjwa kwa ulinganifu kunakoyafanya yasikike kama maneno ya mtu asiyejiandaa. Sehemu ya mwisho inaeleza ni kipi katika mbinu hizo kinachoweza kuhamia katika Kiswahili na ni kipi kisichoweza, kwa kuzingatia mkazo na mizani ya lugha hii.

1.0 Utangulizi

Katika elimu ya balagha ya Wagiriki na Warumi, utangulizi wa hotuba ulikuwa na kazi tatu zilizojulikana kwa kila mwanafunzi. Ulitakiwa kumfanya msikilizaji awe na nia njema kwa msemaji, awe tayari kufundishwa, na awe makini. Kazi hizo zilipaswa kutimizwa katika dakika chache za mwanzo, mbele ya watu ambao hawakuwa na karatasi mkononi. Kilichosemwa kikapita hakikurudi, ila kwa msaada wa kumbukumbu ya msikilizaji mwenyewe. Ndiyo maana walimu wa balagha walishughulikia sauti ya sentensi kwa uzito uleule waliotumia kushughulikia hoja.

Hata hivyo, kuhusu utangulizi walikuwa na tahadhari. Katika kitabu chake cha ujanani juu ya kubuni hoja, kilichoandikwa katika miaka ya 80 KK au kabla yake kidogo, Sisero anaagiza kwamba utangulizi uwe na heshima nyingi lakini uwe na mng'aro, madaha na ulinganifu mchache iwezekanavyo. Sababu anayoitoa ni ya kiutendaji. Maneno yaliyopangwa mno huzaa shuku kwamba msemaji ameyaandaa nyumbani, na mtu anayeshukiwa hivyo hupoteza imani ya wasikilizaji kabla hajafika kwenye hoja yake ya kwanza.

Agizo hilo linaonekana kupingana na kile alichokifanya mwenyewe miaka ishirini na kitu baadaye. Utangulizi wa hotuba yake ya kwanza dhidi ya Katilina una maswali matatu yaliyosimama sambamba, takriri ya neno moja mara sita, na miisho ya sentensi iliyopimwa silabi kwa silabi. Ni vigumu kupata mfano uliopangwa zaidi ya huo. Pamoja na hayo, wasikilizaji na wasomaji wa zama zake na za baadaye waliupokea kama mlipuko wa hasira. Makala haya yanatafuta maelezo ya jambo hilo katika muundo wa maneno yenyewe.

2.0 Nadharia iliyotangulia

Jadi ya Kigiriki ilimhusisha Gorgia wa Leontini, aliyefika Athene kama balozi mwaka 427 KK, na mtindo wa kupanga vipande vya maneno vyenye urefu sawa na miisho inayofanana. Waathene walivutiwa, kisha wakachoka. Mtindo ule ulipotumiwa bila kipimo ulikuja kutajwa kama mfano wa ubaridi, yaani ufundi unaoonekana kabla ya maana. Aristoteli, katika kitabu cha tatu cha kazi yake juu ya balagha, aliweka kanuni iliyofuatwa kwa karne nyingi: nathari iwe na mdundo lakini isiwe na vipimo kamili vya ushairi. Alieleza kwamba vipimo vya ushairi humfanya msikilizaji aanze kungojea kipimo kijacho, na kwa hiyo aache kusikiliza hoja. Nathari isiyo na mdundo wowote nayo haina kikomo, na kitu kisicho na kikomo hakishikiki akilini.

Kuhusu utatu, ushahidi ulio wazi zaidi umo katika kitabu cha Kilatini cha mwanzoni mwa karne ya kwanza KK kilichoandikwa kwa ajili ya mtu aitwaye Herenio. Mwandishi wake hajulikani, ingawa kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa cha Sisero. Kinapoeleza vipande vya sentensi, kinasema kwamba kauli inaweza kuwa na vipande viwili, lakini iliyo bora na iliyokamilika zaidi ni ile yenye vitatu. Mwandishi hatoi sababu ndefu, lakini sababu inaweza kuonekana katika kazi ya masikio. Kipande cha kwanza hakiahidi chochote. Cha pili, kikifanana na cha kwanza, huonyesha kwamba kuna mpango, na hivyo huanzisha matarajio. Cha tatu hutimiza matarajio hayo au huyavunja. Kwa maana hiyo tatu ndiyo idadi ndogo kabisa inayoweza kujenga kawaida na kuifunga. Kipande cha nne hakina kazi mpya ya kufanya, isipokuwa msemaji awe anataka kuonyesha wingi.

3.0 Jinsi masikio ya Roma yalivyosikia

Msomaji wa leo anaweza kutilia shaka kwamba watu wa kawaida walitambua mambo haya. Sisero mwenyewe ameacha ushuhuda katika kitabu chake kiitwacho *Orator*, cha mwaka 46 KK. Anasema kwamba katika ukumbi wa maigizo umati mzima hupiga kelele mwigizaji anapokosea kwa kufupisha silabi ndefu au kurefusha fupi, ingawa umati huo haujui majina ya vipimo wala idadi yake. Masikio, kwa maoni yake, yana hukumu ambayo haikufundishwa.

Katika kitabu hichohicho anasimulia kisa alichokishuhudia akiwa amesimama katika mkutano wa hadhara. Msemaji alikuwa Gayo Karbo, mtetezi wa raia, naye alikuwa akimsemesha marehemu Marko Druso kana kwamba yupo. Alianza kwa vipande viwili vifupi vya kumwita. Kisha vikaja vipande virefu kiasi, vilivyomkumbusha marehemu msemo wake juu ya utakatifu wa dola na adhabu ya wanaoinajisi. Mwishoni ikaja sentensi moja iliyosema kwamba hekima ya kauli ya baba imethibitishwa na papara ya mwana. Kitenzi cha kuthibitisha kiliwekwa mwisho kabisa, nacho kwa Kilatini kilikuwa na silabi nne: ndefu, fupi, ndefu, kisha ya mwisho inayohesabiwa kwa vyovyote. Sisero anaeleza kwamba makelele ya kushangilia yaliyopigwa na mkutano kwa kitenzi hicho yalikuwa ya ajabu.

Baada ya kusimulia, anafanya jaribio ambalo bado ni zuri kwa mtu yeyote anayetaka kujua kama mdundo unafanya kazi. Anayachukua maneno yaleyale, hapunguzi wala haongezi neno, kisha anabadili mpangilio ili kitenzi kitangulie na neno la papara liwe la mwisho. Maana haikubadilika hata kidogo. Lakini, anasema, sasa hakuna kitu, ijapokuwa neno hilo lililosogezwa mwisho lina kipimo ambacho Aristoteli alikisifu, yaani silabi tatu fupi na moja ndefu. Kwa jaribio hilo anatenganisha nguvu ya wazo na nguvu ya sauti. Kama wazo lingetosha, kubadili mpangilio kusingeathiri chochote.

Jambo jingine katika kisa cha Karbo halitajwi mara nyingi. Mwisho ule haukushangiliwa kwa sababu ya silabi zake nne peke yake. Ulitanguliwa na vipande vifupi, kisha virefu kiasi, na masikio yalikuwa yamekwisha kufunguliwa kwa mabadiliko ya urefu kabla ya kitenzi kufika.

4.0 Siku ya hotuba

Ili kuuelewa utangulizi wa Novemba 63 KK ni lazima kujua msemaji alikuwa na nini mkononi na alikuwa hana nini. Sisero alikuwa konsuli, mtu wa familia ya Arpino ambayo haikuwahi kutoa konsuli kabla yake. Lukio Serjio Katilina alikuwa wa ukoo wa kale wa watawala, aliyeshindwa katika uchaguzi wa ukonsuli. Tarehe 21 Oktoba Seneti ilikuwa imepitisha azimio la kuwapa makonsuli mamlaka ya kulinda dola. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Novemba wafuasi wa Katilina walikutana katika nyumba ya Leka, na watu wawili wakajitolea kumuua Sisero nyumbani kwake alfajiri. Walikuta mlango umefungwa, kwa kuwa alikwisha kupashwa habari.

Seneti ilikutana katika hekalu la Jupita Msimamishi, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, tarehe 8 Novemba. Katilina alihudhuria na kuketi. Kwa maelezo ya Sisero, waliokuwa karibu naye walihama wakayaacha mabenchi wazi. Konsuli alikuwa na habari za siri, lakini hakuwa na barua, hakuwa na mtu aliyekiri, wala hakuwa na shahidi ambaye angeweza kumsimamisha bila kumhatarisha. Barua zilizokuwa ushahidi halisi zilikamatwa mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo siku ile asingeweza kuomba hukumu. Alichokitaka ni kwamba Katilina aondoke Roma kwa miguu yake mwenyewe, na hilo lingewezekana tu kama angehisi kwamba kila mtu ndani ya hekalu anajua. Utangulizi ulipaswa kuifanya hisia hiyo iwepo kabla ya jambo lolote kuthibitishwa.

5.0 Uchambuzi wa utangulizi

5.1 Maswali matatu

Hotuba inaanza bila salamu kwa Seneti na bila kutaja mada. Yanakuja maswali matatu mfululizo, kila moja likianza kwa neno la kuuliza lenye sauti ileile ya kwanza. La kwanza linauliza Katilina ataendelea hadi lini kuutumia vibaya uvumilivu wa wenzake. La pili linauliza juu ya muda ambao wazimu wake utawadhihaki. La tatu linauliza juu ya mpaka wa ujasiri wake usio na hatamu.

Vitabu vingi vya mtindo hufundisha kwamba vipande vitatu vinapaswa kukua, cha tatu kikiwa kirefu kuliko vyote. Hesabu ya silabi hapa haionyeshi hivyo. Swali la kwanza lina silabi kama 19, la pili kama 16, la tatu kama 15, kutegemea namna vokali zinazokutana zinavyounganishwa. Maswali yanapungua kidogo badala ya kukua. Kinachokua ni kitu kingine. Katika swali la kwanza kiima cha kitenzi ni Katilina mwenyewe, na jina lake linatajwa. Katika la pili kiima ni wazimu wake. Katika la tatu ni ujasiri, ambao sasa unatenda peke yake kama mnyama aliyekata kamba. Mtu anaondoka taratibu katika sarufi, na tabia yake inachukua nafasi. Kama urefu nao ungekua, msikilizaji angesikia ngazi inayopandwa kwa makusudi. Kwa kuwa urefu unapungua, anasikia mtu anayekosa subira.

Miisho nayo imetofautishwa. Swali la kwanza linamalizika kwa silabi ndefu, fupi, ndefu, kisha ndefu na ya mwisho, mpangilio ambao Sisero aliupenda kuliko mingine yote. Swali la tatu linamalizika kwa ndefu, fupi, ndefu iliyorudiwa mara mbili, ambao nao ni wa wale aliowapendelea. Swali la kati halifuati hata mmoja kati ya hiyo miwili. Utatu huu, kwa hiyo, unafanana mwanzoni mwa vipande na kutofautiana mwishoni. Masikio yanapata kitu cha kushika bila kupata wimbo.

5.2 Takriri ya mara sita

Baada ya maswali mafupi inakuja sentensi ndefu kuliko yote yaliyotangulia. Inaorodhesha mambo sita ambayo yangepaswa kumtikisa Katilina: ulinzi wa usiku katika kilima cha Palatini, doria za mji, hofu ya watu, mkusanyiko wa raia wema, ngome ya mahali pa kikao, na nyuso za waliohudhuria. Kila jambo linatanguliwa na neno moja la kukanusha, na kitenzi kinachoyahusu yote sita kinasubiri hadi mwisho.

Sita ni utatu uliorudiwa, na hapa ndipo hatari ya orodha ilipokuwa kubwa. Sisero aliikwepa kwa urefu. Kipande cha kwanza kina silabi 14, cha pili 8, cha tatu 7. Kisha cha nne kinapanda kufikia kama 10, cha tano kinafika 16, na cha sita kinarudi kwenye 11 au 12 kikibeba kitenzi. Nusu ya kwanza inashuka na nusu ya pili inapanda. Maana inafuata njia hiyohiyo, kwa sababu orodha inaanza mbali, mjini usiku, halafu inaingia hatua kwa hatua ndani ya jengo mpaka kwenye nyuso za watu ambao Katilina anawatazama wakati huo. Kitenzi kinapofika, mwisho wake una mpangilio uleule wa swali la kwanza. Msikilizaji hahitaji kujua jina la mpangilio huo ili ahisi kwamba jambo limefungwa.

5.3 Utatu uliovunjwa

Sehemu ya tatu ndiyo inayoonyesha mbinu yote kwa ufupi. Baada ya kumweleza Katilina kwamba mipango yake imejulikana, Sisero anatoa ukelele wa silabi saba juu ya zama na mienendo. Kisha unakuja utatu mpya: Seneti inaelewa, konsuli anaona, na mtu huyu bado yu hai. Silabi ni 8, kisha 4, kisha 5. Vipande viwili vya kwanza vinakwenda upande mmoja, vyote viwili vikiwa vya kujua. Cha tatu kilitarajiwa kuleta adhabu, maana hiyo ndiyo inayofuata kujua. Badala yake kinaleta uhai wa mshtakiwa. Matarajio yaliyojengwa na mbili yanavunjwa na tatu.

Hapo msemaji anafanya jambo ambalo hotuba iliyoandaliwa haipaswi kulifanya. Analishika neno lake mwenyewe la mwisho, lenye silabi mbili, na kuliuliza peke yake kana kwamba amelisikia kwa mara ya kwanza na halitoshi. Halafu anajirekebisha: zaidi ya kuishi, mtu huyo anakuja hata barazani. Kujirekebisha ni ishara ya mtu anayefikiri akiwa amesimama. Neno moja la silabi mbili, likiwa baada ya sentensi ndefu ya vipande sita, linafuta shuku ambayo ulinganifu wote uliotangulia ungeweza kuizaa.

Kwa hiyo kanuni ya ujanani haikuachwa. Sisero aliendelea kuamini kwamba utangulizi usionekane kuandaliwa. Alichojifunza ni kwamba shuku huzaliwa na ulinganifu usiovunjika, wala si na ulinganifu wenyewe.

6.0 Ushahidi wa kukumbukwa, na mipaka yake

Je, utangulizi huo ulikaa kweli masikioni? Salusti, aliyeandika historia ya njama hiyo miaka isiyozidi 25 baada ya tukio, anaisifu hotuba kwa maneno machache na kusema kwamba Sisero aliiandika na kuitoa baadaye. Hainukuu. Lakini katika kitabu hichohicho, anapobuni hotuba ya siri ya Katilina kwa wafuasi wake, anaweka kinywani mwa Katilina maneno yaleyale ya kwanza ya swali la Sisero. Msomaji wa Kirumi angeyatambua mara moja, na kejeli hiyo isingekuwa na maana kama maneno hayo hayakuwa yakijulikana kwa kila mtu. Livio naye, katika historia yake ya Roma, anampa mchochezi mwingine wa zama za kale mwanzo huohuo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1734, mchonga herufi wa London William Caslon alitumia maneno hayo kuonyesha sampuli za herufi zake, jambo ambalo wapiga chapa waliomfuata waliliiga.

Mipaka ya ushahidi huu ni lazima itajwe. Katika barua kwa rafiki yake Atiko ya mwaka 60 KK, Sisero anazungumzia kuzikusanya na kuzituma hotuba zake za mwaka wa ukonsuli. Maandishi yaliyopo ni ya wakati huo, na hakuna njia ya kuhakikisha kwamba kila silabi ilisikika hekaluni. Inawezekana kwamba sehemu ya ulinganifu iliongezwa mezani. Hata hivyo jambo moja halitegemei maandishi: Katilina aliondoka Roma usiku uleule.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Utangulizi ulichukua nafasi ya ushahidi, na ulifanya kazi hiyo vizuri mno. Wiki nne baadaye, tarehe 5 Desemba, wafuasi watano waliokamatwa waliuawa bila kufikishwa mahakamani, na mwaka 58 KK Sisero alikwenda uhamishoni kwa sababu hiyo. Baraza lililozoea kusikia kwamba kila mtu anajua halikuona tena sababu kubwa ya kusubiri kuthibitishiwa. Historia ya balagha inapaswa kulihesabu hili pamoja na sifa za mdundo.

Mbinu yenyewe pia iliharibika mikononi mwa waigaji. Mwisho mmoja wa sentensi alioupenda Sisero, wa silabi ndefu, fupi tatu, ndefu na ya mwisho, ulirudiwa na wanafunzi wake wa baadaye kiasi kwamba Kwintiliani, katika karne ya kwanza BK, alidhihaki wale waliodhani wamekuwa Sisero kwa kuumaliza kila usemi namna hiyo. Dalili ya kuharibika ni moja na rahisi kuitambua: msikilizaji anapoweza kulitabiri neno la mwisho kabla halijatamkwa, mdundo umekwisha kugeuka kuwa mazoea.

7.0 Kutoka Kilatini kwenda Kiswahili

Kiswahili hakitofautishi maneno kwa silabi ndefu na fupi kama Kilatini, na mkazo wake huangukia karibu daima silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake ni kwamba karibu kila sentensi ya Kiswahili humalizika kwa silabi yenye mkazo ikifuatwa na isiyo nao. Miisho iliyopimwa ya Sisero haiwezi kuhamishwa. Kinachoweza kubadilishwa ni urefu wa neno la mwisho, kwani neno la mizani mbili hugonga na neno la mizani tano huteremka.

Tofauti ya pili inahusu sentensi fupi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, njeo na ukanushi katika neno moja, hivyo sentensi ya neno moja si lazima iwe fupi masikioni. "Hatukukubaliana" ni neno moja, lakini lina mizani nane, sawa na kipande kizima cha utenzi. Anayetaka ufupi katika Kiswahili ahesabu mizani, asihesabu maneno. Tofauti ya tatu ni upatanisho wa kisarufi, ambao huleta sauti zinazofanana mwanzoni mwa maneno bila msemaji kuzitafuta. Usambamba ni wa bure katika Kiswahili, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuuzidisha.

Utatu wenyewe hauhitaji tafsiri. Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza Novemba 1978 kwamba Tanzania itapigana na majeshi ya Idi Amin, alijenga kauli yake juu ya nomino tatu: uwezo, sababu na nia. Watu huikariri kwa mpangilio tofautitofauti, lakini hakuna anayesahau kwamba ni tatu wala zipi.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha mbinu nzima. Mwenyekiti wa kijiji anafungua mkutano juu ya kisima kisichotoa maji. Anaweza kusema: "Tumekutana hapa kwa ajili ya kujadili suala la kisima ambacho kilichimbwa na kufungwa pampu kwa michango ya wananchi lakini ambacho hadi sasa hakijatoa maji." Kila jambo limo, na hakuna atakayelirudia nyumbani. Anaweza pia kusema: "Kisima kimechimbwa. Pampu imefungwa. Michango imelipwa. Maji hakuna. Leo tumekutana ili kila mmoja aliyetoa shilingi yake, awe wa bondeni au wa mlimani, aondoke hapa akijua fedha hiyo ilikwenda wapi."

Sentensi tatu za kwanza zina mizani 7, 6 na 7, na zote zinamalizika kwa kitenzi cha kutendwa. Ya nne ina mizani 5, na inaiacha kauli ya kutendwa mahali ambapo sikio lilikuwa likiingojea. Ya tano inapita mizani 50 na kutua juu ya neno la mizani mbili ambalo ni swali. Kama mwenyekiti angeongeza baada ya michango kwamba sherehe imefanywa na mgeni ameshukuriwa, orodha ingegeuka kuwa mchezo, na ukosefu wa maji ungepoteza uzito. Jaribio la Sisero linafaa hapa pia: maneno "maji hakuna" yakigeuzwa kuwa "hakuna maji", maana inabaki, lakini sentensi inaacha kuanza kwa nomino kama zile tatu zilizotangulia, na pigo linadhoofika.

8.0 Hitimisho

Utangulizi wa Novemba 63 KK haukukumbukwa kwa sababu ya utatu peke yake wala kwa sababu ya mdundo peke yake. Maswali matatu yaliwapa wasikilizaji umbo la kushika, miisho iliyopimwa ikawaonyesha jambo linapokwisha, na neno la silabi mbili lililosimama peke yake likawaaminisha kwamba mtu anayesema ana hasira ya kweli. Katika Kiswahili kazi ya miisho inapaswa kufanywa na urefu wa maneno, na kazi ya usambamba inahitaji kizuizi zaidi kuliko msaada. Yanayobaki ni yaleyale: kuanzisha matarajio kwa vipande viwili, kuyafunga au kuyavunja kwa cha tatu, kisha kubadili urefu kabla sikio halijazoea. Aidha, kinachobaki ni onyo la mwaka 58 KK kwamba maneno yanayokaa masikioni hukaa humo yakiwa yamethibitishwa au hayajathibitishwa.